Kachumbari Bila Maganda

Meno yangu ya juu si yangu. Nasema mapema kwa sababu nimechoka kuyaficha, na bila hayo sina cha kusimulia. Yameshikizwa kwenye kibamba cha waridi kinachofunika kaakaa lote, na nikilala nayaweka kwenye glasi ya maji nyuma ya chupa za dawa bafuni. Aliyejua ni mke wangu peke yake. Mwanangu hakujua. Wenzangu wa ofisini kule Plano hawakujua. Kanisani, ambako zamani nilisoma masomo kwa sauti ya mtu anayejipenda, walidhani nimeacha kusoma kwa sababu ya mafua ya Texas ambayo hayana msimu.

Mtu asiyevaa meno ya bandia hudhani adui yao ni mfupa wa kuku. Mfupa unauona, unaukwepa. Adui ni nyanya. Mbegu yake ni ndogo, inateleza, inajipenyeza chini ya kibamba na kukaa juu ya fizi, na ukifunga mdomo inakuchoma kama changarawe ndani ya kiatu. Ganda lina ujinga wake pia. Halitafuniki, linajiviringisha kama kipande cha uzi, halafu linaganda kwenye kaakaa la bandia ambako ulimi haujui tena kuhisi, ila unajua kuna kitu. Dawa yake ni moja, kuyavua na kuyasuuza. Na mimi kuyavua mbele za watu niliona ni afadhali nivue nguo.

Mambo yalianza kuharibika Houston. Mwanangu alikuwa amempata binti wa Kikongo, mtoto wa watu waliotoka Kivu, wakakaa kambini miaka mingi kabla ya kuletwa Marekani. Baba yake anafanya kazi kwenye ghala, mama yake anatunza wazee. Sisi tuliingia nchi hii kwa ndege tukiwa na vyeti kwenye bahasha, tukapata kazi za kukaa kwenye kiti. Tofauti hiyo haikutajwa na mtu, lakini ilikuwepo, nasi tuliibeba ndani ya gari kutoka Lewisville hadi Houston pamoja na vitenge vya zawadi.

Walitupikia samaki mzima kwenye mchuzi wa nyanya, sombe, yaani kisamvu chao, ugali na ndizi, na pembeni kulikuwa na saladi ya nyanya na vitunguu. Nyanya zote zilikuwa zimekatwakatwa hivi hivi na maganda yake, kama inavyopaswa nyumbani kwa watu wenye meno. Tonge la kwanza nilimeza salama. La pili likaniachia mbegu. Nikanywa maji, nikasukuma kwa ulimi, nikakunja uso, nikajua nakunja uso. Mama wa binti alikuwa ananitazama. Nikasogeza samaki huku na kule kwenye sahani, nikamfunika kwa ugali, nikasema nimeshiba. Nilikuwa sijala kitu. Kisha nikaomba kuonyeshwa maliwato, nikakaa huko muda mrefu bomba la maji likiwa wazi, na niliporudi nikaongea maneno machache sana, kwa sababu kibamba kilikuwa hakijakaa vizuri na kila neno lenye sauti ya "s" lilikuwa linapiga mluzi.

Unaweza kuona jinsi ilivyoonekana. Mzee wa Kitanzania, mtu wa ofisini, kaja kuomba binti, kagusa chakula kwa vidole viwili, kakunja uso, kaenda kunawa muda mrefu, karudi kanuna.

Baada ya siku chache mwanangu alikuja nyumbani. Hakukaa. Alisimama kwenye mlango wa jikoni na funguo za gari mkononi, akatuambia shangazi wa binti amesema familia ile haijafika mahali pa kumtoa mtoto wao kwa watu wanaoona kinyaa chakula cha wakimbizi. Baba wa binti hakusema kitu, na kutosema kwake ndiko kulikomtisha zaidi.

"Baba, wana-feel kama unawadharau," alisema. "Na mimi siwezi kuwaambia si kweli, kwa sababu nilikuona. What was that?"

Nikamwambia tumbo. Tumbo lilikuwa linanisumbua siku ile. Alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda, akasema basi nimpigie baba wa binti nimweleze habari za tumbo langu. Nikasema nitapiga. Sikupiga. Akaondoka, na mke wangu, aliyekuwa anasuuza mchele wakati wote huo, akazima bomba.

"Mficha uchi hazai," alisema.

Nilimjibu kwamba sina mpango wa kuzaa tena. Hakucheka. Aliniambia jambo lote lingekwisha kwa sentensi moja kwenye simu, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kunyimwa mke kwa ajili ya meno ya baba yake. Nikamkumbusha ahadi yake. Siku niliyotoka kwa daktari wa meno, mdomo ukiwa na ganzi na sura ya babu yangu ikinitazama kwenye kioo cha gari, nilimwapisha kwamba habari hii itabaki kati yetu wawili. Akaapa. Mke wangu akiapa, ameapa.

Kwa hiyo tukachukua njia ndefu. Familia ya binti ikaalikwa kwetu Lewisville siku ya Jumamosi, baba, mama, shangazi na binti mwenyewe, waje tule sinia moja. Hiyo ndiyo ilikuwa fikra yangu na niliiona ya busara. Kwetu mkigombana mnakaa sinia moja, mkono wako na wangu inaingia kwenye pilau ileile, na ukinyanyuka hapo mtu hawezi tena kusema ulimwonea kinyaa. Mwanangu alikubali. Binti alikubali kwa furaha: alikuwa amemsifia shangazi yake kachumbari ya mke wangu mpaka shangazi amechoka kusikia.

Hapo inabidi nieleze. Mke wangu anapika sherehe za watu, kuanzia Lewisville mpaka Grand Prairie. Harusi, maulidi, ubarikio, vyote, haulizi dini. Pilau yake inasifiwa, lakini watu hurudi kwa ajili ya kachumbari. Nimeona watu wazima wakiibeba kwenye vikombe vya karatasi. Sinia la pilau bila kachumbari yake lisingekuwa sinia, lingekuwa msiba. Nami ningekaa mbele ya sinia hilo, uso kwa uso na baba wa binti, shangazi akinihesabia tonge.

Nikamwambia atoe maganda na mbegu. Kwenye kila kitu.

Asubuhi ya Jumamosi ile tulikuwa jikoni wawili. Nilisema nitafanya kazi hiyo mwenyewe, kwa kuwa aibu ni yangu, na nilikuwa nimeshaangalia video. Nilichota nusu ya nyanya, nikazichora msalaba kwenye matako kwa ncha ya kisu, nikajaza sufuria maji, yalipochemka nikazimwaga zote kwa mpigo. Maji yakanyamaza. Nikangoja yachemke tena, nyanya zikiwa mle ndani zinaelea kama watu waliosahaulika hospitali, na nilipozitoa zilikuwa zimeiva nje na bado maganda ya baadhi yake yameng'ang'ania. Nikashika moja, ikabonyea, ikanitoka mkononi na kuangukia kwenye slipa.

Mke wangu hakusema lolote la kuudhi, jambo ambalo liliniudhi. Alisema hizo zitakwenda kwenye mchuzi, hakuna kilichoharibika. Akachukua za mkupuo wa pili. Alinionyesha nimechora kwa kina mno, kwamba kisu kinatakiwa kipasue ganda tu, kisiingie kwenye nyama, maana pale penye jeraha ndipo maji ya moto yanapoingilia. Akatia chache, maji yakaendelea kuchemka kana kwamba hayakuona kitu. Nusu dakika hivi, pengine chini ya hapo kwa zile zilizoiva sana, na mara kile kimsalaba kikaanza kujikunja kwenye kona zake. Hapohapo akazinyanyua kwa kijiko chenye matundu na kuzitumbukiza kwenye bakuli la maji ya barafu.

"Moto wake unabaki ndani hata ukiitoa," alisema. "Usipoipoza inaendelea kujipika."

Zilipopoa akanipa. Nikashika kona moja ya msalaba nikavuta, na ganda likatoka lote, jembamba, safi, kama soksi ya mtoto. Nilifurahi, sitaki kudanganya. Nilimenya nyingine na nyingine. Kwa dakika chache nilisahau kwa nini namenya.

Kwa ajili ya mchuzi wa kuku hakubishana nami. Alisema hata yeye akiwa na nafasi huyatoa maganda kwenye mchuzi unaochemka muda mrefu, kwa kuwa hayaivi, yanajikunja tu na kuelea. Mbegu ndizo alizozitetea. Alikata nyanya moja katikati akanionyesha ule ute wa kijani kibichi unaozizunguka mbegu. Ladha iko humu, alisema, uchachu na utamu wenyewe, ukitupa hii unabaki na nyama nyekundu isiyo na habari. Nikasema mbegu ni mbegu. Akavuta pumzi, akachukua chungio, akakomba ute wote na kuusugua kwa kijiko mpaka maji yake yakapita chini na mbegu zikabaki juu zimekauka. Maji akayarudisha kwenye nyanya. Mbegu akazitupa. Kwenye mchuzi, basi, tulipatana.

Kwenye kachumbari ndipo tulipogombana. Aliniambia kachumbari ni ganda. Ganda ndilo linaloshika kipande kisimame, kikae kwenye vidole kikiwa na umbo, na mtu atafune asikie anatafuna. Nyanya iliyopita kwenye maji ya moto imeshalainika nyama ya juu hata ukiiwahi na barafu, na ukiitia chumvi na ndimu itatoa maji na kulala. Ukiitoa na mbegu, alisema, unakula uji wenye vitunguu. Akasema nile pilau na mchuzi, kachumbari niiache, nani atajua?

Nikasema shangazi atajua. Nilikuwa namwona tayari anaangalia mkono wangu unavyoikwepa nyanya, kama ulivyoikwepa Houston. Mke wangu akasema basi atatengeneza mbili, moja ya wageni na moja ya kwangu. Nikapandisha sauti. Bakuli mbili! Kila mtu atauliza hii ya nani na kwa nini, na yeye atajibu nini? Yeye aliyeapa?

 Aliangalia nje kwenye uwanja wetu mdogo wenye majani ya manjano.

"Sawa," alisema. "Siri ni yako. Nitaweka moja mezani."

Nikaenda kuoga, nikijiona nimeshinda.

Walifika mchana, joto likiwa limekaa juu ya gari yao kama kifuniko. Baba wa binti alinipa mikono miwili. Mama wa binti alimkumbatia mke wangu. Shangazi, mama mnene mwenye kitambaa cha kichwa kilichofungwa kwa mamlaka, alinisalimia kwa heshima zote na kunipima kutoka kichwani hadi kwenye viatu. Tulikaa. Sinia likaja katikati, pilau ikifuka, kuku juu yake, mchuzi pembeni, na bakuli la kachumbari.

Nilikula. Hilo lazima nilisimulie kwa sababu nilikuwa nimelingoja. Nilikula kama mtu aliyeachiwa kutoka jela. Mchuzi ulikuwa laini, hakuna kilichonichoma, hakuna kilichoganda. Nilimsogezea baba wa binti minofu, naye akanisogezea mingine. Aliniambia kazi ya ghalani imemwumiza mgongo, nami nikamwambia kiti cha ofisini nacho kina dhambi zake, akacheka. Nikamwona mwanangu anashusha mabega. Nilichota kachumbari ile ya kwangu, laini, imelala, imetoa maji, nikaitia mdomoni mbele ya shangazi kwa madaha.

Shangazi naye akachota. Akatafuna, ingawa hapakuwa na cha kutafuna. Akachungulia bakuli. Akamgeukia binti.

"Njo hii kacumbari wulikuwa unatuimbia?"

Binti akainamisha uso. Shangazi hakuwa na ubaya, au alikuwa nao kidogo tu. Akamwuliza mke wangu, kwa sauti ya utani ambayo kila mtu aliisikia, kama pengine kuna mgonjwa nyumbani, maana kwao chakula cha namna hii hupewa mtu aliyetoka kupasuliwa. Mama wa binti akamgusa goti anyamaze. Lakini akatabasamu, na baba wa binti akatabasamu, na nikaona jambo ambalo sikulitarajia: walikuwa wamefarijika. Walikuja wakiogopa watu wenye makuu, wakakuta mpishi mashuhuri hajui kachumbari.

"Nisameheni," mke wangu alisema. "Nilizichemsha. Leo mkono umenikataa."

Alisema hivyo akiwa ametazama sinia. Hakunitazama. Mwanamke huyu amelisha maharusi mia na ushei katika mji huu, na nimewahi kumwona akirudisha sanduku zima la nyanya dukani kwa sababu zilikuwa zimelala kabla ya wakati. Mkono haujawahi kumkataa. Shangazi akaanza kumfundisha. Alimweleza, polepole, kama unavyomweleza mwari, kwamba kachumbari haichemshwi, nyanya inakatwa mbichi na ganda lake, tena zile ngumungumu. Mke wangu akaitikia, ndiyo mama, ndiyo mama. Akauliza hata vitunguu vinakatwaje.

Nikawa sina tena tonge. Mkono wangu ulikuwa hewani, pilau inadondoka. Niliona aibu, lakini si ile niliyoizoea, ya kioo na glasi ya maji. Ile nilikuwa naiweza, nilikuwa nimeipangia ratiba. Hii sikuwa na ratiba yake. Mtu alikuwa amevaa aibu yangu mbele ya wakwe zangu, imempwaya, na mimi nilikuwa naendelea kula kuku.

Ningependa kusema nilizungumza mara moja. Sikuzungumza. Nilimwacha shangazi afike kwenye pilipili. Ndipo nikasema, kwa sauti iliyotoka na mluzi, kwamba mama huyu anajua kachumbari kuliko mtu yeyote hapa, na aliyechemsha nyanya ni mimi.

Wakanigeukia wote. Mwanangu alianza kucheka, akidhani ni utani wa kumwokoa mama yake. Nikasema meno yangu ya juu ni ya kununua. Nikaeleza habari ya mbegu na habari ya ganda. Nikasema kule Houston samaki yule namtamani mpaka leo, na nilipojifungia maliwatoni nilikuwa nasuuza meno. Kwa kuwa sikujua mtu anamalizaje hotuba kama hiyo, niligusa meno ya mbele kwa kidole, na kibamba kikacheza, tak.

Hakuna aliyecheka. Hilo lilikuwa baya zaidi. Mwanangu aliangalia mdomo wangu kisha akaangalia pembeni haraka, kama mtoto aliyefungua mlango usiotakiwa kufunguliwa, na nikaelewa kwamba kilichomwuma hakikuwa meno. Kilichomwuma ni lile tumbo.

Shangazi ndiye aliyesema. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Baba, sasa wulishindwa kutuambia? Mama yetu kule kambini hakukuwa na jino hata moja. Tulikuwa tunamumenyea nyanya kila siku. Tungekupikia yako pembeni, na hakuna mutu angeuliza."

Kisha akamgeukia mke wangu ili aombe radhi kwa somo lake la vitunguu, lakini mke wangu alikuwa ameshanyanyuka. Alikwenda jikoni. Nilisikia mlango wa friji. Baba wa binti alivuta lile bakuli la kwanza, lile lililolala, akalisogeza upande wangu wa sinia, karibu kabisa na mkono wangu.

Mke wangu akarudi na bakuli la pili. Nyanya zake zilikuwa zimesimama, ngumu, na maganda yake yanang'aa, mbegu zimetapakaa kwenye vitunguu na pilipili, ndimu inanukia mpaka upande wangu. Akaliweka mbele ya shangazi. Alikuwa ameikata asubuhi ileile nilipokuwa naoga, akaificha nyuma ya galoni la maziwa, akakaa nasi mezani akiitikia ndiyo mama, ndiyo mama, akinisubiri.